Malipo Yaliyotangulia Mauzo

Watu arobaini na mmoja walipata ujumbe mmoja, asubuhi moja, na wote walikuwa wamelipa. Ujumbe wenyewe haukuwa na hata salamu: "Ndugu mteja, bado unadaiwa na duka. Lipa ndani ya siku saba kuepuka hatua zaidi." Kufikia adhuhuri Amu nzima ilishajua kwamba Bi Mwanamkisi, karani wa duka la saruji na mabati pale Langoni, amekula pesa za watu.

Loo, jinsi maneno yanavyokimbia kwenye vichochoro vile! Mwanamkisi mwenyewe alizipata habari kwa muuza samaki. Alisimama kununua changu wawili, na mwanamke aliyekuwa kando yake akauhamisha mkoba kutoka bega la kushoto hadi la kulia. Mwanamkisi aliwaacha changu wake juu ya meza, akageuka kurudi dukani.

Basi nikwambie ni mwanamke gani huyu, maana wengi siku hizo walimsema bila kumjua. Mwanamkisi ni mtu wa Pate. Alikuja Amu na mume, mume akafariki, akabaki na binti mmoja, Tima, na deni la mazishi. Marehemu Bwana Mahdi, aliyelianzisha duka, alimpa kalamu na daftari miaka kumi na tisa iliyopita akamwambia, "Andika kila kitu, hata nikikukataza." Akaandika. Kwa miaka kumi na tisa hakuna msumari uliotoka dukani bila kupita chini ya mkono wake.

Bwana Mahdi alimfundisha kuandika kwa namna yake. Kwake yeye siku ilikwisha jua lilipozama, kama alivyolelewa na kama mwezi unavyohesabiwa. Adhana ya magharibi ikilia, daftari linafungwa. Wakirudi kutoka kuswali linafunguliwa ukurasa mpya, juu inaandikwa tarehe ya kesho, na mauzo ya usiku yanaanza hapo. Alfajiri unapigwa mstari kwa rula, na chini ya mstari yanafuata mauzo ya mchana. Duka lile hufanya biashara kubwa usiku, kwa sababu mafundi wa Siyu na Pate hufika wakishamaliza kazi, hununua, hulala kwa jamaa zao, na alfajiri hupakia mzigo kwenye boti. Hakuna aliyewahi kuona ajabu. Usiku wa Ijumaa si ni Alhamisi jioni? Mtoto mdogo wa Amu analijua hilo.

Kila mwisho wa mwezi Mwanamkisi alijifungia siku nne na makaratasi. Upande huu daftari, upande huu taarifa iliyochapishwa ya till, ile namba ya duka ya kupokelea malipo ya simu, maana tangu mwaka juzi duka halishiki noti, kila mteja hulipa kwa simu. Alitafuta jina kwa jina kwa kidole. Fulani amenunua, fulani amelipa, alama ya wino mwekundu. Mwisho aliandika karatasi moja tu: mauzo kiasi hiki, malipo kiasi hiki, makato ya till, yaani ada inayokatwa na kampuni ya simu kwa kila malipo, kiasi hiki, na wanaodaiwa ni hawa. Karatasi hiyo ilikwenda Malindi kwa mhasibu, mwanamke aitwaye Mueni, ambaye Mwanamkisi hakuwahi kumwona wala kusikia sauti yake.

Bwana Mahdi alipofariki, duka lilirithiwa na mwanawe, Taufiq. Si kijana mbaya, ila ana haraka, na haraka yake haina breki. Siku nne za kuandika karatasi moja zilimkera. Akamtafuta Chris, mtu wa bara anayefundisha kompyuta Mokowe, akamwambia amtengenezee kitu kitakachoifanya kazi ile chenyewe.

Chris alifanya kazi nzuri, tusimwonee. Kila asubuhi Mwanamkisi aliingiza kwenye kompyuta mauzo yaliyomo kwenye daftari: tarehe, namba ya risiti, jina na simu ya mteja, kiasi. Mwisho wa mwezi Taufiq alipakua taarifa ya till, yenye tarehe na saa ya kila malipo na makato yake. Programu ilichukua kila malipo na kuyatafutia mauzo yake kwa namba ya simu na kwa kiasi. Yakioana, mteja amelipa. Yasipooana, malipo yalitupwa kwenye ukurasa wa pembeni, "Hayajaoanishwa", ili mtu ayakague kwa macho kabla muhtasari haujatoka. Chris alimweleza Taufiq habari za ukurasa huo. Taufiq alisema ameelewa, na wala hakuufungua.

Muhtasari wa kwanza ulikuwa wa Oktoba. Ulitoka kwa dakika mbili. Wanaodaiwa: shilingi laki sita, elfu kumi na tano, mia na hamsini.

Mwanamkisi alipoiona hesabu ile alicheka. Alidhani ni utani. Wateja wa mkopo aliwajua mmoja mmoja, na madeni yao yote hayakupita laki mbili, elfu mbili na mia tano. Hizo laki nne na ushee zilizobaki zilikuwa za watu waliolipa mbele ya macho yake, simu mkononi, na yeye akasikia mlio.

"Basi zi wapi?" akauliza Taufiq.

"Zimo, Bwana Taufiq. Walilipa."

"Kompyuta haioni."

"Kompyuta haikuwapo. Mimi nilikuwapo."

Jibu hilo, ungelisikia wewe na mimi, tungelicheka. Taufiq hakucheka. Alikuwa na jambo kichwani, nalo lilikuwa linamla. Miaka yote hesabu ilipoandikwa kwa mkono wa mtu mmoja ilitoka safi, na mara ya kwanza tu mashine ilipoifanya, laki nne hazionekani. Mueni naye alipiga simu siku hiyohiyo kutoka Malindi. Alisema, "Bwana Taufiq, makato haya ni makubwa mno kwa malipo mliyoonyesha. Inaonekana kuna pesa hamkuiandika." Ya mwanzo Taufiq hakuyasikia. Yaliyomkaa masikioni ni ya mwisho tu, kwamba kuna pesa haikuandikwa. Na mwandishi dukani alikuwa mmoja.

Kesho yake asubuhi alibofya kidude cha programu cha kuwatumia ujumbe wadaiwa, wote isipokuwa wale wa mkopo aliowataja Mwanamkisi. Alidhani watu wakisukumwa watasema pesa walimpa nani.

Haya, ndipo hapo kwa muuza samaki.

Siku mbili zilizofuata Mwanamkisi alilipitia daftari mara tatu, ukurasa kwa ukurasa, mpaka namba zikawa zinacheza. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Ndilo lililomtia kiwewe zaidi, kwamba haoni kosa. Lau angeliona hata moja, angelishika hapo. Alianza kujishuku mwenyewe. Labda amezeeka. Labda walimwonyesha simu akaitikia tu bila kutazama. Alikwenda kuswali akasahau ni rakaa ya ngapi, akaanza upya, akasahau tena, akabaki amekaa juu ya mswala analia. Alimwomba Mola wake ampe kosa, hata kama ni lake, ila alione.

Jioni ya pili Taufiq alimwita nyuma ya duka, kwenye magunia ya saruji. Hakupaza sauti. Bora angelipaza.

"Bi Mwanamkisi, wewe umenibeba mgongoni. Sitaki twende polisi. Anza kulipa kidogo kidogo, haya maneno yaishe."

"Nilipe nini ambacho sikuchukua?"

"Mimi nimekwambia tu. Lau mzee angekuwapo, angekwambia hivyo hivyo."

Hapo alimkata maini. Bwana Mahdi angesema hivyo? Mwanamkisi hakulala ila kidogo, na asubuhi alivua mkononi bangili mbili za dhahabu, nyembamba, alizoachiwa na mamake. Amezihifadhi miaka yote kwa ajili ya harusi ya Tima. Hata mumewe alipougua hakuzivua. Alizipeleka kwa sonara, akapewa elfu sitini, na jioni hiyo akiwa amesimama pale pale kwenye kaunta alizituma zote kwenye till ya duka kutoka simu yake. Usimlaumu. Mtu anayezama hashiki anachokichagua. Alitaka tu jina lake lisifike kwenye kitabu cha polisi kabla binti yake hajaolewa.

Taufiq aliutazama ujumbe kwenye simu yake. Akashusha pumzi.

"Kumbe," akasema.

Neno moja. Lakini lilitosha kumfahamisha Mwanamkisi alichokifanya. Amelipa, basi amekiri. Akaambiwa akae nyumbani kwanza, apumzike. Funguo za kabati la madaftari akaziacha kwenye kaunta.

Siku ya tatu akiwa nyumbani, mlango uligongwa kwa fujo. Alikuwa Abubakr, fundi wa kujenga wa Siyu, mtu mrefu mwenye kelele, na saruji imemkauka kwenye kucha. Amevuka maji kuja kumgombeza mtu.

"Bi Mwanamkisi! Mimi nadaiwa? Mimi, niliyekujengea kisima chako bure? Tazama kwa mato yako!" Akamsukumia simu usoni. "Saruji mifuko kumi na miwili. Elfu kumi na moja na mia nne. Nimelipa, ujumbe ndio huu!"

Mwanamkisi aliichukua simu ili tu atulie. Akausoma ujumbe. Kiasi ni kile. Jina la duka ni lile. Tarehe kumi na saba Oktoba, saa moja na dakika kumi na nne usiku.

"Tarehe kumi na saba," akasema polepole.

"Kumi na saba, ehe. Ni kosa?"

"Wewe ulinunua kumi na nane, Abubakr. Nakumbuka ukurasa. Ni wa kwanza kabisa juu, kumi na nane."

"Nilinunua usiku nikalipa papo hapo! Nitalipa vipi jana yake, mimi mtabiri?"

Mwanamkisi alisimama ghafla. Akamwomba amsomee tena ile saa. Kisha akavaa buibui bila hata kufunga mlango, akashika ndia, na fundi wa watu akimfuata nyuma anauliza kuna nini.

Dukani hakumsalimu mtu. Alimwambia Taufiq amwite Chris. Taufiq akaanza kusema kwamba jambo hili tulishalimaliza, naye akamkata, mara ya kwanza katika umri wake kumkata tajiri wake. "Mwite sasa hivi, ama niite watu wote arobaini na mmoja waje hapa na simu zao."

Chris alivuka kutoka Mokowe na kompyuta yake begani. Mwanamkisi alimuuliza swali moja tu: mtu akilipa leo kitu ambacho mauzo yake yameandikwa kesho, mashine hufanyaje?

"Haiwezi kuoanisha, Mama. Nimeiambia malipo hayawezi kutangulia mauzo. Duka hili halipokei amana. Kwa hiyo huyaweka pembeni, mpaka Taufiq ayaangalie."

"Fungua hapo pembeni."

Chris akafungua ukurasa wa "Hayajaoanishwa". Ulishuka, ukashuka, haukwisha. Mistari zaidi ya arobaini. Mwanamkisi hakutazama kiasi wala jina, aliweka kidole kwenye safu ya saa akaiteremsha. Saa kumi na mbili na nusu jioni. Saa moja. Saa moja na dakika kumi na nne, Abubakr. Saa mbili kasorobo. Hakukuwa na malipo hata moja ya mchana.

"Zote ni baada ya magharibi," akasema. "Zote ni za usiku. Mimi nimeandika kama alivyonifundisha babako."

Chris alielewa kwanza. Kwao siku hubadilika usiku wa manane, na hakuwahi kuota kwamba kuna duka ambalo hubadilika likitoka msikitini. Akaomba daftari, na Mwanamkisi akamwonyesha mstari wa rula. Kilicho juu ya mstari ni cha usiku. Chini ya mstari ni mchana. Rahisi hivyo, na kila ukurasa, miaka kumi na tisa.

Chris aliongeza safu moja ya herufi "U" kwa mauzo ya usiku, na akaiamuru programu iyarudishe nyuma siku moja kabla ya kuyatafutia malipo. Kuyatia alama yote, tangu Oktoba mosi hadi siku ile, kulichukua muda hadi alasiri. Mwanamkisi anasoma, Chris anabofya, Abubakr anakaa juu ya gunia anaapa kwamba haondoki mpaka aone jina lake limetoka. Kisha taarifa ya till ya Novemba ikatiwa nayo, na programu ikaendeshwa upya.

Wanaodaiwa wa Oktoba wakashuka. Lakini hawakushuka hadi mwisho. Ilibaki elfu ishirini na saba na mia tisa iliyozidi, na Taufiq akainua kichwa haraka, jambo ambalo Mwanamkisi aliliona na hakulisahau.

"Hayo ni mauzo ya usiku wa kuamkia Oktoba mosi," akasema Mwanamkisi. "Malipo yake yamo kwenye taarifa ya Septemba. Vuta."

Yalipovutwa, mauzo yale yalirudi mwezi wake na malipo yake yakakaa kando yake. Wanaodaiwa: laki mbili, elfu mbili na mia tano. Shilingi kwa shilingi. Mueni akapigiwa simu, akajumlisha makato upande wake, akasema sasa yanalingana na pesa iliyoingia. "Nilikwambia, Bwana Taufiq," akasema kwenye spika, "makato yakiwa mengi kuliko malipo, pesa imeingia zaidi. Mwizi hazidishi pesa kwenye till."

Taufiq alikuwa anatazama ule ukurasa wa pembeni, ambao sasa ulikuwa mweupe, isipokuwa mstari mmoja wa Novemba. Elfu sitini. Mwanamkisi Bakari. Hakuna mauzo.

"Huo ni wa nini?" akauliza Mueni, maana Chris alishamtumia ukurasa ule.

Mwanamkisi mwenyewe akasema: "Hakununua kitu huyo. Ametoa tu."

"Basi ni deni la duka," Mueni akasema. "Pesa ya mtu isiyo na mauzo, duka ndilo linadaiwa. Liingizwe hivyo."

Simu ilipokatwa, Taufiq alikuja akasimama karibu, uso umemshuka. "Nisamehe, Bi Mwanamkisi. Nakurudishia sasa hivi. Na huo mstari tuufute kabla ya muhtasari kwenda, usione haya."

"Uwate," akasema. "Uende hivyo hivyo. Sioni haya mimi." Akamgeukia Chris. "Wale watu arobaini na mmoja, bado unazo namba zao?"

Taufiq alitaka kusema kwamba itaonekana vibaya kwa duka. Akaanza, akamwona Abubakr anamtazama kutoka juu ya gunia, akachukua simu. Aliuandika ujumbe kwa kidole chake mwenyewe, na Mwanamkisi akamrudisha mara mbili mpaka ukawa sawa: "Hudaiwi kitu. Ulilipa, na Bi Mwanamkisi aliandika. Kosa ni langu, Taufiq Mahdi." Simu ya Abubakr ililia papo hapo mfukoni mwake. Akausoma kwa sauti, neno kwa neno, wapita njia wakasikia.

Elfu sitini ziliingia kwenye simu ya Mwanamkisi kabla ya magharibi. Hakungoja hata dakika. Alikwenda mbio kwa sonara, akampata anafunga, akamwambia amerudi na pesa zote, tena akitaka nyongeza atapewa.

Sonara alisimama na kufuli mkononi. Alikuwa mzee mpole, akaona tabu kusema.

"Bi, niliziyeyusha siku ileile. Kulikuwa na mtu anangoja mkufu."

Mwanamkisi aliitikia kwa kichwa, akasema haidhuru, akaondoka. Ilidhuru. Alipofika nyumbani Tima alimkimbilia na simu, anacheka na kulia, akimwonyesha ule ujumbe ambao watu walikuwa wakirushiana mji mzima, na mama alimkumbatia kwa mkono mmoja tu, ule mwingine ameuficha ndani ya buibui.

Mwisho wa Novemba muhtasari ulitoka kwa dakika mbili. Mauzo, malipo, makato, wanaodaiwa, yote sawa. Taufiq aliuleta mwenyewe kwenye kaunta, akamwonyesha kwa furaha mahali jina lake lilipoandikwa: limeingia elfu sitini, limetoka elfu sitini, salio sifuri.

"Umeona? Hatudaiani."

"Kompyuta imesema hivyo," akajibu Mwanamkisi.

Adhana ya magharibi ilikuwa inaanza. Alilifunga daftari, akavuta mkono wa buibui kufunika kifundo cha mkono kilichokuwa kitupu, pale zilipokuwa bangili, akaenda kuswali.